Anayeomba hela kabla ya usaili: tumjibu nini?

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumzie jambo ambalo limewafika wengi wetu kwa njia ya simu. Umekaa nyumbani, au uko kwenye daladala, mara simu inalia. Ujumbe umeingia. Unaambiwa hongera, jina lako limepita, kazi ipo, mshahara mnono, usaili ni Jumatatu. Mwisho wa ujumbe kuna sharti moja dogo: utume kiasi fulani cha fedha, leo hii, kabla ya saa fulani. Hukuomba kazi hiyo. Anayekuandikia humjui. Wala hajakuona uso.

Msikilizaji wetu mmoja wa Tabata, dada aliyemaliza stashahada ya ugavi na ambaye anatafuta kazi, ametuletea ujumbe wa namna hiyo na akauliza swali zuri. Hakuuliza kama ni utapeli au si utapeli. Aliuliza: nimjibu nini? Swali hilo ndilo ninalotaka tulijibu leo, kwa maana katika jibu hilo ndimo unamoweza kumtambua mtu aliye upande wa pili.

Ujumbe wenyewe ulisema hivi: "Habari. Hongera, jina lako limepitishwa nafasi ya mtunza ghala, kampuni ya kimataifa, bandarini. Mshahara 850,000 kwa mwezi. Usaili Jumatatu saa 3 asubuhi. Tuma 45,000 ya fomu na vipimo vya afya kwa namba hii kabla ya saa 10 jioni leo. Itarudishwa kwenye mshahara wa kwanza. Usipige, tupo kikaoni. Afisa Ajira."

Naomba tuusome ujumbe huu polepole, kwani aliyeuandika si mjinga. Kila neno limewekwa mahali pake kwa kazi maalumu.

Kwanza, jina la kampuni halipo. Ipo "kampuni ya kimataifa, bandarini". Kampuni isiyo na jina haiwezi kupigiwa simu wala kutembelewa. Pili, mshahara umetajwa kabla ya ada. Hiyo ni hesabu ya makusudi. Mtu anayesoma 850,000 halafu akasoma 45,000 hulinganisha namba hizo mbili, na 45,000 huonekana kama nauli tu. Lakini ulinganisho huo si wa kweli. Shilingi 45,000 ni fedha iliyo mfukoni mwako leo, na shilingi 850,000 ni maneno yaliyo kwenye simu. Tatu, umepewa muda hadi saa 10 jioni, ili usipate nafasi ya kumwuliza kaka yako, jirani, au mwalimu wako wa chuo. Nne, umeambiwa fedha itarudishwa. Kwa hiyo dhamiri yako inatulia: kumbe silipi, ninakopesha tu. Na tano, umekatazwa kupiga simu, kwa sababu sauti ingeweza kuulizwa maswali ambayo maandishi yanayakwepa.

Sasa tujiulize: kwa nini fedha inatakiwa kabla ya usaili, na si baada yake? Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe.

Usaili ni gharama kwa anayesaili. Inabidi awepo mtu anayeijua kazi ya ghala, anayeweza kuuliza namna ya kupokea mzigo na kuuandika kwenye leja, na kujua kama jibu alilopewa ni sahihi. Inabidi pawepo mahali, kiti, na uso wa mtu. Tapeli hana kimojawapo. Zaidi ya hapo, usaili wa kweli huwachuja watu. Wakiitwa 20, watachukuliwa wawili, na hao 18 wanarudi nyumbani. Mtu ambaye biashara yake ni ada hataki mchujo, anataka wote 20 walipe. Ndiyo maana ada huja kabla. Tuseme ametuma ujumbe ule ule kwa watu 1,000, na kati yao 20 tu wakalipa shilingi 45,000 kila mmoja. Hiyo ni shilingi 900,000 kwa siku moja, zaidi ya mshahara wa mwezi aliokuahidi wewe. Kumbe kazi ipo, ila ni yake yeye, na mwajiri wake ni wewe.

Wakala wa kweli wa ajira hula wapi basi? Hula kwa mwajiri. Kampuni yenye shida ya mtunza ghala humlipa wakala amtafutie mtu anayefaa. Huu si ukarimu, ni utaratibu wa kazi unaotambuliwa duniani. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake namba 181 wa mwaka 1997, liliweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira hatamtoza mfanyakazi ada, moja kwa moja wala kwa kuzungukazunguka, ila kwa hali chache za pekee ambazo nchi inaweza kuziruhusu. Mwaka 2019 Shirika hilo likafafanua ni gharama zipi zinazohesabika kuwa ni za kuajiri, ili watu wasibadilishe jina la ada wakaendelea kutoza. Humo zimo vipimo vya afya, bima, majaribio ya ujuzi, mafunzo, sare na vifaa, safari, na gharama za kiutawala. Rudi kwenye ujumbe wa dada wa Tabata: "fomu na vipimo vya afya". Utaona kwamba mwandishi wake hakuthubutu kusema "ada ya kupata kazi". Amechagua jina lenye harufu ya hospitali.

Na hapa kwetu Tanzania, mtu hawezi kuamka tu asubuhi akajiita wakala wa ajira. Shughuli hiyo inaongozwa na sheria ya huduma za kukuza ajira ya mwaka 1999, na wakala binafsi hana budi awe amesajiliwa na ana leseni. Kwa hiyo mtafuta kazi anapouliza namba ya leseni hafanyi ujeuri. Anauliza kile ambacho abiria angemwuliza dereva: leseni yako iko wapi?

Baada ya kuyaelewa hayo, tuje kwenye jibu lenyewe. Wako watakaosema usijibu kabisa, na mara nyingi wana haki. Ujumbe kama ule wa "ile hela itume kwenye namba hii" haustahili jibu, maana ukijibu unamwambia tapeli kwamba namba yako iko hai na ina mtu anayesoma. Lakini habari ya kazi ina utata kidogo. Wapo mawakala halali ambao huona wasifu wa mtu mahali fulani wakamwandikia bila yeye kuomba. Mtu asiye na kazi hawezi kulala usingizi akifikiri huenda ameitupa riziki yake mwenyewe. Kwa mtu kama huyo, jibu moja, fupi, lenye adabu, linatosha kumaliza wasiwasi. Nasema moja. Si mazungumzo ya siku nzima.

Dada yetu tulimshauri aandike hivi:

"Ndugu, nimepokea ujumbe wako. Sikuomba nafasi hii, hivyo naomba unifahamishe: jina kamili la mwajiri, mahali ofisi yake ilipo, jina la wakala na namba ya leseni yake, na jina la mtu atakayenisaili. Silipi fedha yoyote ili nisailiwe au niajiriwe. Kama kuna gharama za fomu au vipimo, zilipwe na mwajiri. Nikipata maelezo hayo kwa maandishi kutoka kwenye anwani ya kampuni, nitafika kwenye usaili."

Angalieni jibu hilo lina nini na halina nini. Halina tusi. Tusi humpa tapeli mahali pa kushika, naye ataanza kubishana nawe, na katika mabishano mtu husema mengi. Halina pia jina lake kamili, namba ya kitambulisho cha taifa, picha ya cheti, wala mahali anapoishi. Mtu aliyesema jina lako limepitishwa, bila shaka jina lako analo. Kama hana, amepitisha nini?

Kisha lina maswali manne, na kila moja lina ugumu wake kwa mwongo. Akitaja jina la mwajiri, utaweza kumpigia mwajiri. Akitaja ofisi, utaweza kwenda kuiona. Akitaja leseni, utaweza kuiulizia kwenye ofisi za kazi. Akitaja jina la msaili, utaweza kumwulizia mapokezi. Kwa wakala wa kweli haya yote ni maneno ya dakika mbili, kwani ndiyo anayoyaandika kila siku.

Sentensi ya malipo nayo imeandikwa kwa namna ya kuufunga mlango bila kuubamiza. Haisemi "sina hela", kwa sababu ukisema huna hela utapunguziwa bei. Haisemi "nitalipa baadaye", kwa sababu utasubiriwa. Inasema silipi, na inamwonyesha anayepaswa kulipa. Mwisho wake inasema nitafika. Mlango wa kazi umebaki wazi, uliofungwa ni mlango wa pochi.

Je, ilikuwaje? Dada alituma jibu saa 7 mchana. Baada ya dakika chache likaja la kwanza: "Nafasi zimebaki 3, unachelewesha wenzako. Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Hakuna jina la kampuni, hakuna leseni. Kuna methali. Hakujibu. Saa 8 likaja la pili: "Basi tuma 25,000 nyingine utamalizia ukifika." Hapo ndugu msikilizaji pana somo. Ada ya fomu au ya kipimo cha afya ni bei iliyopangwa na mtu mwingine, na afisa hana mamlaka ya kuikata karibu nusu kwa sababu mtu amenyamaza. Bei inayoshuka kwa kunyamaza ni bei ya sokoni. Saa 9 likaja la tatu, lakini lenyewe sitalisoma redioni. Baada ya hapo kimya.

Alifanya jambo moja zaidi, na alilifanya vizuri. Katika ujumbe ule wa tatu, katikati ya matusi, mtu yule alitaja jina la kampuni moja inayojulikana. Dada hakupiga namba aliyopewa. Aliitafuta namba ya kampuni hiyo kwa njia nyingine, akapiga mapokezi, akauliza kama kuna usaili wa watunza ghala siku ya Jumatatu. Akajibiwa hapana, hakuna nafasi iliyotangazwa. Huu ni utaratibu wa kushika: habari za kampuni usizichukue kwa mtu unayemtilia shaka, kwa maana namba aliyokupa itapokewa na mwenzake.

Pengine mtu atauliza: je, angelipa ile 45,000 mambo yangekwisha? Yasingekwisha. Malipo ya kwanza ni kipimo cha kujua nani hulipa. Mara nyingi hufuata ya pili, tuseme 60,000 ya sare na kitambulisho cha kuingilia bandarini, halafu ya tatu ya bima. Kila mara mlipaji hujiambia kwamba akiacha sasa atapoteza alichokwisha kutoa. Kwa hiyo anaongeza nyingine kuikomboa ya kwanza, nayo ya kwanza haikomboleki. Kama umeshatuma mara moja, basi hasara ndogo kuliko zote ni kusimama hapo hapo.

Ujanja huu una sura nyingine zenye suti na tai. Kuna barua zenye nembo ya Umoja wa Mataifa zinazomtaka mtu alipie mafunzo au usajili. Umoja wa Mataifa umekwisha kusema wazi kwamba hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri, iwe ni maombi, usaili, taratibu za makaratasi au mafunzo. Kuna pia ajira za Kanada, ambako mtafuta kazi huombwa alipie kibali cha mwajiri. Ni kweli kwamba huko mwajiri anayetaka kuleta mfanyakazi wa nje kwa muda mara nyingi hutakiwa kupata tathmini ya athari kwa soko la ajira, na ada yake imekuwa dola za Kanada 1,000 kwa kila nafasi. Lakini ada hiyo ni ya mwajiri, na sheria yao inamkataza kuirudishia mgongoni mwa mfanyakazi. Yeye mfanyakazi hulipia maombi yake ya kibali cha kazi na alama za vidole, na hulipa serikali ya Kanada yenyewe. Kwa hiyo tapeli wa namna hii huchukua ada iliyopo kweli, akabadilisha tu mtu wa kuilipa na mfuko wa kuingilia. Ndiyo maana ukiulizia unaambiwa ada hiyo ipo, nawe unaingia mtegoni.

Hapa sharti niseme pia mipaka ya hayo niliyoyasema, nisije nikawatia watu hofu isiyo na sababu. Si kila shilingi anayotumia mtafuta kazi ni ya utapeli. Utalipa nauli ya kwenda kwenye usaili, utalipa kunakili vyeti, utalipia pasipoti yako Uhamiaji. Malipo ya serikali hapa nchini hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayozoea kuiita kontrol namba, na fedha huingia kwenye taasisi. Kwa upande mwingine, ukituma kwenye simu ya mtu, kabla hujaweka namba ya siri simu yako hukuonyesha jina la mpokeaji. Lisome. Ada ya kampuni ya kimataifa inapokwenda kwa jina la mtu mmoja binafsi, usiendelee. Na tena, usaili peke yake si ushahidi kamili. Wapo wanaokodi chumba kwa siku mbili, wakapanga viti, wakauliza maswali mawili matatu mepesi, halafu kila mtu akafaulu na kila mtu akaombwa ada. Usaili ambao hakuna anayeshindwa ni wa kutiliwa shaka sawa na ujumbe ule wa simu.

Na kwa yule ambaye amesikiliza mazungumzo haya akiwa ameshatuma? Ndugu yangu, dakika ndizo zenye thamani. Piga simu mara moja huduma kwa wateja wa mtandao wako, uwape namba ya muamala na uombe fedha izuiwe. Kama bado haijatolewa kwa wakala, kuna uwezekano wa kuiokoa. Ikiwa imeshatolewa, ni vigumu, na matapeli hawa hutoa haraka. Usifute ujumbe wowote, hata ule wa aibu. Itume namba ya tapeli kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti ulaghai wa simu. Kisha nenda kituo cha polisi ukafungue jalada na upewe namba ya kumbukumbu, yaani RB. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, nayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa udanganyifu unaofanywa kwa vyombo hivi. Na kama ulituma namba ya kitambulisho chako, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako, ili ukiona usiyoijua uende dukani kwa mtandao ikafungwe.

Neno moja la tahadhari. Baada ya kulalamika huku na huko, anaweza kujitokeza mtu mwingine, mpole sana, akakwambia anaweza kukurudishia fedha zako, ila anahitaji kidogo cha kufungulia faili. Huyo naye anataka hela kabla ya kazi. Jibu lake mnalijua.

Mwenye shida ya kazi hastahili kuchekwa anapoangukia mikononi mwa watu hawa. Mfa maji haachi kutapatapa, na tapeli hutupa kamba kwa yule yule anayetapatapa. Lakini kamba ina ncha mbili, na ncha ya pili unaweza kuikagua kabla hujaishika. Uliza jina, uliza mahali, uliza leseni, uliza msaili. Mwajiri wa kweli atajibu, pengine hata atakuheshimu zaidi kwa kuuliza, kwani mtunza ghala asiyeuliza mzigo umetoka wapi ndiye atakayepokea mbuzi kwenye gunia.

Dada wa Tabata bado anatafuta kazi. Shilingi 45,000 zake anazo, na ameniambia atazitumia kunakili vyeti vyake na kwa nauli ya kuvipeleka mwenyewe, mlango kwa mlango, kwenye maghala ya Barabara ya Nyerere.

Hadi wiki ijayo, wakati kama huu, nawatakia kheri.